Wasifu wa kazi ya mbali: nimeutuma mara 14, kimya. Hebu nisomeeni

binti_wa_Chake · Jumatano 21:48

Assalaam alaykum. Mie niko Chake Chake. Nilikaa rizavesheni katika hoteli moja ya pwani huko Unguja kwa miaka 2, mwaka jana nikarudi Pemba kumuuguza mama. Sasa natafuta kazi ya msaidizi wa mtandaoni: kupanga kalenda ya mtu, kujibu imeli zake, kumtafutia tiketi, mambo hayo. Nimetuma maombi 14. Nimejibiwa moja, na hilo moja nililiharibu mwenyewe, nitasimulia nikipata moyo.

Wasifu niliupeleka kwa Kiingereza ila hapa naueka kwa Kiswahili, kila mtu aufuate:

"Mimi ni msaidizi wa mtandaoni mwaminifu, mchapakazi na ninayejituma. Ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Ninapatikana saa 24, siku 7. Nina intaneti ya kasi. Ninamudu Word, Excel, PowerPoint, Gmail, Google Calendar, Google Sheets, Canva, Trello, Asana, Slack, Notion, HubSpot, Zoom na Calendly. Mawasiliano yangu ni mazuri sana. Naomba nafasi, hutajuta."

Nisemeni ukweli, sitokasirika.

Babu_Kiponda · 22:05

Wa alaykum salaam binti. Wasifu huu una kasoro kubwa, mbona hujaweka tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, namba ya kitambulisho cha Mzanzibari na skuli ulizosoma? Pia wadhamini watatu, mmoja wao awe sheha. Mie nimekaa kwenye kamati za ajira miaka mingi, karatasi kama hii tunaiweka pembeni.

kijana_Darajani · 22:11

Babu hiyo ni ya serikalini, huku mambo mengine kabisa 😂

Dada, tatizo lako dogo tu. Saa ziandike kwa mtindo wa 24, yaani 17:00, usiandike saa kumi na moja wala 5. Na uandike EST, Wamarekani ndo wanaielewa. Sisi tuko mbele yao saa 8, unajumlisha tu basi. Hiyo "saa 24, siku 7" iache, wanaipenda.

UmmuSalha · 22:40

Nina mwaka wa 5 nafanya kazi hii nikiwa Fuoni. Wateja wangu ni wawili, mmoja Boston, mwengine Leeds. Nitakuwa mkali kidogo, mdogo wangu, unisamehe.

Soma wasifu wako kisha jiulize: sentensi gani humu asingeweza kuiandika mtu mvivu na mwongo? Hakuna. Mvivu naye ataandika "mchapakazi", haimgharimu kitu. Anayetafuta msaidizi ana hofu tatu au nne tu: nikimwandikia nitajibiwa lini, atakuwepo saa ninazomtaka, nikimwachia kazi nitajuaje imefika wapi, na umeme ukikatika huko kwao mimi ninabaki vipi. Wasifu wako haujibu hata moja.

Na "saa 24, siku 7" iondoe leo leo. Mtu mzima akiisoma anajua kwamba unalala. Maana yake kwake ni kwamba hujapanga lolote.

Babu, namba ya kitambulisho haiwekwi mahali ambapo watu usiowajua wanasoma. Huko ni kuwapa wezi funguo.

Lakini kabla sijaendelea nataka kisa cha yule mmoja aliyekujibu. Hapo ndipo tutakapoona wasifu umekosa nini.

binti_wa_Chake · 23:02

Haya, nacheka na kulia.

Mama mmoja wa Boston alitaka mtu wa kumshikia kalenda. Akaniandikia tuzungumze Jumanne saa 18:00 za kwao. Nikajumlisha 8, nikapata saa nane usiku. Nikaandika kwenye daftari: "usiku wa Jumanne, saa nane." Nikalala mapema, nikaamka saa saba na nusu, nikavaa mtandio mzuri, nikawasha laptopu. Saa nane kimya. Nane na nusu kimya. Saa tisa nikamwandikia, na kwa hasira kidogo, kwamba nimemsubiri saa nzima na ni usiku wa manane kwetu.

Akanijibu palepale: "Huku bado ni Jumatatu." Akaongeza kwa upole kabisa kwamba anatafuta mtu wa kumshikia kalenda, hivyo ataendelea kutafuta.

kijana_Darajani · 23:06

Uuuuwi 😭

UmmuSalha · 23:31

Pole. Hesabu ya saa ulipatia, ulichokosea ni siku, na umekosea kwa sababu wewe ni mtu wa hapa. Sisi usiku unatangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule baada ya magharibi ya Alkhamisi, ndiyo tunausomea Yasini. Ulipoandika "usiku wa Jumanne" mkono wako ukaandika usiku unaoamkia Jumanne. Kwa yule mama Jumanne saa 18:00 ilikuwa kwetu Jumatano saa nane za usiku. Ulimtangulia siku nzima.

Dawa yake ni moja: miadi usiiandike kwa maneno popote. Fungua Google Calendar kwenye kompyuta, ingia Settings, sehemu ya Time zone, utie tiki `Display secondary time zone` na uchague New York, saa zake ni sawa na za Boston. Utaona safu mbili za saa kando ya siku. Ukimtumia mwaliko kutoka hapo, yeye anauona kwa saa zake, wewe unauona kwa zako, na siku inajipanga yenyewe. Kisha kwenye ujumbe rudia mara moja kwa saa zake: "Jumanne tarehe fulani, 18:00 Boston." Yeye ndiye aliyetaja, mrudishie alichotaja.

Sasa nikuulize. Ulipokuwa rizavesheni, mgeni ndege yake ikitua saa nane na nusu za usiku wa kuamkia tarehe 14, chumba anakitaka kuanzia tarehe ngapi?

binti_wa_Chake · 23:38

Tarehe 13! Na wengi wanabuki 14. Anafika usiku amechoka, anaambiwa chumba chake kinaanza saa nane mchana. Mie nilikuwa kila asubuhi napitia bukingi zote zinazokuja, nikiona ndege ya kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri namwandikia mgeni: unataka chumba usiku huo au utasubiri? Haikupita wiki bila ya kumkamata mmoja.

Subhanallah. Ndo kosa lilelile.

UmmuSalha · 23:44

Ndilo. Na hiyo unayosema sasa ndiyo sentensi ya kwanza ya wasifu wako. Mvivu hawezi kuiandika kwa sababu hajui kama jambo hilo lipo.

fundi_Mkoani · Alkhamisi 06:12

Mie nimekuja kwa habari ya umeme. Nina kiduka cha kutengeneza simu Mkoani.

Yakhe, "intaneti ya kasi" haina maana. Ruta nyingi za nyumbani zinakula volti 12. Kuna betri ndogo za ruta zinauzwa, kijisanduku cha kiasi cha kitabu, unachomeka kati ya ruta na ukuta. Lililoandikwa 8,800 mAh usilione kubwa: hiyo ni kwa volti 3.7 za seli za ndani, ukizidisha unapata wati-saa kama 32. Toa upotevu wa kupandisha hadi volti 12, zibaki kama 26. Ruta ikila wati 9 au 10, hapo ni saa mbili na nusu hivi. Yangu ilipokuwa mpya nilipima, ikaenda dakika 160. Baada ya mwaka nikapima tena: dakika 95. Basi ahadi yako iandike kwa dakika 95, si kwa 160.

Kupima ni kuchomoa waya ukutani huku unaangalia saa. Usisubiri siku ya kazi.

Jengine ambalo wengi hawalijui: taa za ruta zinaweza kuwaka zote na usipate mtandao, kwa sababu mnara nao una betri zake na zinaisha. Umeme ukikatika muda mrefu mnara unakufa. Kwa hiyo uwe na laini ya pili ya mtandao tofauti, na uwe umeshasimama pale pale unapofanyia kazi ukaona inashika. Bando lake si lazima liwe kubwa. Mazungumzo ya Zoom ya sauti tupu, video umezima, yanakula bando kidogo sana kuliko ya video. Ikifika hapo zima video na umwambie mteja kwa nini.

kijana_Darajani · 09:20

Nakataa. Ukitaja umeme kukatika kwenye wasifu umejichongea. Mteja hajui hata Pemba iko wapi, wewe ushamwambia kwamba giza linaingia.

UmmuSalha · 09:55

Hapo tutofautiane. Mimi nimeandika mstari mmoja: "Umeme ukikatika nabaki hewani kwa saa moja na nusu bila kubadili chochote, kisha nahamia laini ya pili, nikihamia nakuarifu." Wateja wangu wote wawili waliniuliza kuhusu mstari huo. Lakini nakubali kwamba siwezi kujua wangapi waliusoma wakapita zao.

Ya EST sikubali kabisa. Hilo la kuandika 17:00 badala ya saa kumi na moja uko sawa, tena ni muhimu, maana mtu wa hapa akiona 3:00 akili inamwambia saa tatu. Ila EST ni saa za msimu wa baridi peke yake. Marekani wanasogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, mwaka huu wa 2026 tarehe 8, na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Katikati hapo tofauti yetu na Boston ni 7, si 8. Ukiandika "17:00 EST" mwezi wa Julai, mwenye kusoma kwa makini atachelewa kwa saa moja, atakuta umeshaondoka. Andika jina la mji: "saa za New York". Mji haukosei.

Na Uingereza wanasogeza siku nyengine, Jumapili ya mwisho ya Machi, tarehe 29. Sisi hatusogezi kitu, tuko UTC+3 mwaka mzima. Mimi hapo ndipo niliposhikwa mwaka wangu wa kwanza. Boston nazungumza naye 09:00 zake, Leeds 13:00 zake. Msimu wa baridi Leeds inaangukia saa kumi jioni na Boston saa kumi na moja, zinafuatana vizuri. Marekani iliposogea, zote mbili zikaangukia saa kumi. Wiki mbili nzima! Siku ya kwanza niliacha mtu mmoja ananisubiri huku nacheka na mwengine. Sasa mwezi wa Februari nawaandikia wote wawili tarehe hizo kabla hawajaziona.

mke_wa_Matemwe · 11:30

Samahani naingilia. Mie nimepata mtu wa Sydney, anataka nianze 09:00 zake. Nimejumlisha 7 nikafurahi, kumbe wao wako mbele, natakiwa kutoa! Mchana wao ni usiku wetu. Nimuandikieje kwamba siwezi?

UmmuSalha · 11:52

Wao misimu yao ni kinyume na ya Ulaya. Sasa hivi wako kwenye majira ya joto, wametutangulia saa 8, hivyo 09:00 yao ni saa saba za usiku kwetu. Baada ya tarehe 5 Aprili tofauti inashuka kuwa 7, itakuwa saa nane. Usimwambie huwezi. Muulize kazi gani lazima ifanyike yeye akiwa macho. Kama ni imeli na ripoti, wewe ukifanya asubuhi yetu, yeye akiamka anazikuta tayari. Kama ni kupokea simu za wateja wake, mwachie mtu mwengine.

binti_wa_Chake · 14:10

Nimefuta ule wote. Masuali mawili: niahidi saa ngapi, na hizi zana nizifanyeje?

UmmuSalha · 14:47

Kwenye zana, chukua orodha yako na ubakishe zile ambazo mtu akikwambia "fungua sasa hivi unionyeshe" hutotetemeka. Kisha kila moja uiambatanishe na ulichokifanya nayo. HubSpot umewahi kuigusa?

binti_wa_Chake · 14:50

Niliangalia video mbili.

UmmuSalha · 15:08

Basi haimo.

Saa: usiahidi siku nzima. Ahidi saa nne ambazo yuko ofisini nawe upo mezani, ziandike kwa saa zake, na wewe ndiye unayesogea misimu ikibadilika. Ukisema 09:00 hadi 13:00 New York, sasa hivi kwetu ni saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu usiku. Kuanzia Machi 8 ni saa kumi mpaka saa mbili. Yeye haoni mabadiliko yoyote.

Halafu kujibu. Usiseme "mawasiliano mazuri", sema muda. Ndani ya saa hizo nne unajibu ndani ya dakika 30. Nje ya hapo, jibu atalikuta akifika kazini. Uahidi unachokiweza siku ambayo mama kazidiwa.

Na kila ukifunga kazi unatuma mistari mitatu. Huu wa jana kwa mteja wangu, majina nimeyatoa:

"Zimekwisha: tiketi ya Chicago, na majibu kwa watu 6. Nakusubiri wewe: mkutano wa Alkhamisi, 10:00 au 14:00? Kesho naanza na: orodha ya wageni wa semina."

Mstari wa kati ndio wenye kazi. Bila huo, yeye anadhani unachelewesha, kumbe anayechelewesha ni yeye.

kijana_Darajani · 15:20

Na futari je? Saa kumi na moja mpaka saa tatu usiku, Ramadhani hii, magharibi iko hapo katikati.

UmmuSalha · 15:41

Umeuliza la maana. Jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika 40. Boston hapo ni 10:40 asubuhi, na baada ya Machi 8 itakuwa 11:40. Mimi siweki kwenye wasifu, kwa sababu wasifu unakaa mwaka mzima. Namwambia mteja tukishakubaliana: kwa mwezi huu sipo mezani kwa dakika 45, kuanzia 10:30, kisha 11:30 baada ya tarehe fulani. Nazizuia kwenye kalenda yake mapema. Sala ya Ijumaa siitaji kabisa kwa mtu wa Boston, yeye wakati huo amelala. Kwa mtu wa Leeds naitaja.

mke_wa_Matemwe · 16:02

Mie ningeiweka wazi tangu mwanzo. Asiyeitaka dini yangu simtaki mapema.

binti_wa_Chake · 22:15

Nimemaliza kufuturisha, nimekaa. Fundi, nimechomoa waya leo mchana. Ruta yangu imekwenda dakika 110, na laini ya pili chumbani haishiki, ukumbini karibu na dirisha inashika. Meza nimeihamisha. Huu hapa, kwa Kiswahili:

"Kwa miaka 2 katika hoteli ya pwani Zanzibar nilipitia kila asubuhi bukingi za wageni na kuwakamata wale ambao ndege zao zinatua baada ya saa sita usiku lakini wamebuki tarehe isiyo sahihi, kabla hawajafika wakakosa chumba. Sasa nashika kalenda na imeli za watu wenye shughuli nyingi kwa jicho lilelile.

Niko mezani 09:00–13:00 saa za New York, Jumatatu hadi Ijumaa, mwaka mzima. Saa zikibadilika mimi ndiye ninayesogea. Ndani ya saa hizo nakujibu ndani ya dakika 30. Ukiniandikia nje ya hapo, jibu utalikuta ukifika kazini. Kila siku nafunga kwa ujumbe wa mistari mitatu: kilichokwisha, ninachokusubiri wewe, ninachoanza nacho kesho.

Google Calendar na Gmail nazitumia kila siku. Google Sheets nimeweka orodha ya vyumba na usafiri wa wageni kutoka uwanja wa ndege. Trello naitumia kwa kazi zangu mwenyewe.

Umeme ukikatika nabaki hewani dakika 90, kisha nahamia laini ya pili na kukuarifu. Naishi Pemba, Zanzibar, UTC+3."

UmmuSalha · 22:34

Sasa naona mtu. Punguza moja: "kwa jicho lilelile" hatalielewa kwa Kiingereza, liondoe. Na sentensi ya kwanza ni ndefu. Mteja akipitia maombi anaona mistari miwili ya juu kabla ya kubonyeza, hakikisha neno "tarehe isiyo sahihi" limo ndani ya hiyo miwili.

kijana_Darajani · 22:40

Mie bado umeme ningeutoa. Na Pemba ningeandika Tanzania tu, aielewe.

fundi_Mkoani · 22:52

Pemba ibakie! Kwani kuna aibu gani?

Babu_Kiponda · 23:10

Binti, nimeusoma wote. Ni mzuri. Ila hiyo hoteli wakiipigia simu watampata nani wa kukudhamini?

binti_wa_Chake · 23:17

Wallahi Babu hilo sikuliwaza. Yule meneja wangu alishahama. Kesho namtafuta.